Aliyewatafutia Wenzake Vitenzi

Kila Jumanne asubuhi, kabla hata hajavua koti, Marlys Dufek aliandika ubaoni misemo miwili. Juu aliandika "mchapakazi". Chini yake aliandika "nilikuwa na jukumu la". Kisha alikwenda kuchemsha kahawa. Watu walioingia mmoja mmoja katika kituo cha ajira cha Pine Ferry, wengi wao bado wamevaa kofia za kiwanda kilichowaachisha kazi, waliikuta misemo ile ikiwasubiri. Wengine walifurahi kuiona, maana ndiyo waliyokuwa wameiandika kwenye karatasi walizokuja nazo.

Marlys alirudi na kikombe mkononi, akangoja viti viache kukwaruza sakafu, halafu akaipiga mstari yote miwili.

"Hii imekufa," alisema. "Hebu niambieni, nani humu ndani ameandika kwamba yeye ni mvivu?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi. Kama wavivu hawapo, mchapakazi naye hatuambii kitu. Anayesoma karatasi yako anazo nyingine mia mezani, na zote ni za wachapakazi."

Majira yale ya vuli kiwanda cha karatasi kilikuwa kimefunga mashine yake ya mwisho, na chumba cha nyuma cha kituo kilijaa kila wiki. Siku moja mtu wa kwanza kusoma alikuwa Duane Sipple, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, mikono kama koleo, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mitambo. Alisoma wasifu wake kama anayesoma kosa lake mahakamani: "Mchapakazi, mwenye kujituma. Nilikuwa na jukumu la mashine namba nne."

"Jukumu lako nimelisikia," Marlys alisema. "Ulifanya nini?"

"Nilikuwa pale."

"Hata mashine ilikuwa pale, Duane."

Watu walicheka. Duane alijikuna shingo. "Karatasi ilikuwa inakatika. Ikikatika, kila kitu kinasimama, mnaanza upya kuipitisha. Ilikuwa inakatika mara sita kwa zamu. Mwishoni ilikuwa mara mbili."

"Ilipungua yenyewe?"

"Hapana. Kuna kile kitambaa kinachobeba karatasi ikiwa bado mbichi. Walikuwa wanasubiri kichafuke ndipo wakioshe. Tukaanza kukiosha mapema."

"Tukaanza. Nani?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

Duane alitazama meza. Mtu wa Pine Ferry ukimtaka akiri wizi atakiri upesi kuliko kukiri jambo zuri. "Basi, mimi," alisema. "Niliwaambia, wakakataa, nikakiosha mwenyewe mwezi mzima."

"Na wageni waliokuja kwenye mashine hiyo, nani aliwafundisha?"

"Aa, wale. Kama tisa hivi."

Marlys alichora mstari katikati ya ubao. Kushoto aliacha maneno ya Duane kama yalivyokuwa. Kulia aliandika: "Niliendesha mashine ya karatasi namba nne. Nilibadilisha ratiba ya usafi na kupunguza kukatika kwa karatasi kutoka mara sita kwa zamu hadi mbili. Nilifundisha waendeshaji wapya tisa."

Duane alikaa akiutazama upande wa kulia. "Mke wangu akimwona mtu huyu atataka kuolewa naye."

"Mwambie anatafuta kazi kwanza," Marlys alisema.

Mwanamke aliyefuata alikuwa mpishi wa shule. Kwake "nilikuwa na jukumu la chakula na usafi" yaligeuka kuwa "nilipika chakula cha mchana cha watoto mia tatu, niliagiza vyakula vya wiki nzima, nilipita ukaguzi wa afya miaka minne mfululizo bila dosari". Baada yake akasoma kijana aliyeshughulikia ghala la vipuri vya magari. Huyu alikuwa amejifunza vitenzi vyake kwenye mtandao. Aliandika "niliongoza" mara tatu.

"Uliongoza akina nani?" Marlys aliuliza.

"Ghala."

"Ghala lina miguu? Ulikuwa na watu chini yako?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Basi hukuongoza. Ulipanga upya, ulihesabu, ulifuatilia. Kuna lipi kati ya hayo ulilolifanya kweli?"

"Nilipanga upya rafu. Zamani kutafuta kipuri kulikuwa kunamaliza nusu saa."

"Hilo ndilo. Andika 'nilipanga upya', halafu mwambie msomaji kutafuta kipuri kulichukua muda gani kabla na muda gani baada." Hapo aligeukia chumba kizima, kama alivyofanya kila Jumanne, akasema lile alilotaka waondoke nalo: "Kitenzi chenye nguvu si kile kinachosikika kikubwa. Ni kile unachoweza kukitetea ukiwa umekaa mezani na watu watatu wanakutazama. Kama huwezi kukitetea, shuka ngazi moja."

Hakuna aliyemtuma Marlys kuanzisha mambo haya. Miaka kumi na tisa nyuma alikuwa mtu wa mapokezi pale kituoni, akipokea simu na kupiga chapa wasifu za watu wasiojua kutumia kompyuta. Alipiga chapa neno "mchapakazi" mpaka vidole vikalizoea. Aliona karatasi hizo zikirudi bila kazi, za watu aliowajua, ambao kweli walikuwa wakichapa kazi. Aliwaona wakipitwa na watu wa mjini walioandika walichofanya. Akaanza kuwauliza kwenye kaunta, kati ya simu na simu: ulifanya nini? Halafu akatengeneza karatasi yenye safu mbili, Kabla na Baada, kwa mifano ya watu wa pale pale. Halafu akamwomba meneja chumba cha nyuma.

Meneja, Grant Oberholtzer, alikubali. Alisema, "Sawa, ila kahawa ya ofisi msiiguse." Kwa hiyo kahawa Marlys aliinunua mwenyewe, na aliendelea kuinunua hata baada ya kupandishwa cheo na kuitwa mshauri.

Grant hakuwa mtu mbaya. Kila Ijumaa aliwanunulia wafanyakazi wote samaki wa kukaanga. Lyle, mume wa Marlys, alipolazwa kwa mapafu, Grant alikwenda kumwona mara mbili, akakaa naye wakazungumza juu ya uvuvi wa kwenye barafu. Na bodi ya kaunti ilipotaka kuifuta warsha ya Jumanne, Grant ndiye aliyevaa tai akaenda kuitetea, na haikufutwa. Marlys hakuyasahau hayo.

Mwezi wa kumi bodi ilitangaza kwamba kituo cha Pine Ferry kitaunganishwa na kile cha kaunti jirani ya Osgood. Nafasi nyingi zitakufa. Zitabaki mbili za maana: mkurugenzi wa vituo vyote, na mratibu mmoja wa mafunzo. Kila anayetaka kubaki aombe upya, kama mtu wa nje, kwa wasifu na usaili.

Kwa Marlys hesabu ilikuwa fupi. Lyle alipumua kwa msaada wa mashine iliyovuma sebuleni usiku na mchana. Mashine, dawa na daktari vililipwa na bima, na bima ilikuja na kazi ya Marlys. Bila nafasi ya mratibu, bima ingeishia mwisho wa mwezi atakaoachishwa kazi.

Siku ya tatu baada ya tangazo, Grant alifunga mlango wa ofisi yake kwa kisigino, huku ameshika karatasi.

"Marlys, mama, nakuomba unitazamie hii. Sijaandika wasifu tangu watoto wakiwa na meno ya utoto."

Alitazama. Mstari wa kwanza ulisema: "Mchapakazi mwenye uzoefu. Nilikuwa na jukumu la kusimamia kituo na warsha zake."

"Na wewe?" Marlys alisema.

"Usinicheke. Nitengeneze."

Akakaa kwenye kompyuta ya Grant, Grant akasimama nyuma yake akila biskuti. Marlys alimwuliza maswali yaleyale anayowauliza wote. Watu wangapi chini yako? Saba. Bajeti ilipanda au ilishuka? Ilishuka, lakini hakuna aliyeachishwa. Ulifanyaje? Niliomba fedha za jimbo, wakanipa. Vitenzi vikaja: niliongoza, niliomba na kupata, nilibakiza. Vyote vya kweli. Grant alikuwa anasimama wima zaidi kwa kila mstari.

Wakafika kwenye warsha.

Marlys aliandika: "Niliidhinisha warsha ya wasifu na kuitetea mbele ya bodi ilipotaka kufutwa." Alipenda mstari huo. Ulikuwa wa kweli, na kutetea kitu mbele ya bodi ile si jambo dogo.

Grant aliusoma akitafuna. "Niliidhinisha," alisema. "Hilo ni neno la muhuri."

"Lakini 'kuitetea' ni zuri."

"La wakili hilo. Wanatafuta mtu anayejenga vitu, Marlys. Unaonaje 'nilibuni'?"

Marlys aliacha vidole juu ya kibodi. Mashine ya kuchapa ilikuwa inatoa karatasi ya mtu mwingine.

"Warsha tuliibuni..." alianza.

"Ee, tuliibuni. Lakini si wewe unayewaambia watu hakuna 'sisi' kwenye wasifu? Hakuna kamati inayoajiri 'sisi'." Alicheka, kwa furaha ya mwanafunzi aliyekumbuka somo. Haikuonekana kwamba anamwibia mtu. Pengine hata yeye hakuona.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Lakini Marlys alizaliwa Pine Ferry. Mama yake, akisifiwa mkate wake wa tufaha, alijibu kwamba ukoko umekuwa mgumu, hata siku ambayo haukuwa mgumu. Anayesema "ni mimi" juu ya jambo jema hukumbukwa kwa hilo mpaka mazishini. Marlys aliweza kulitoa neno hilo vinywani mwa wengine kwa sababu halikuwa lake. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulificha kwa nafsi yake: Grant akiwa mkurugenzi, atakuwa mmoja wa watakaomchagua mratibu.

Akapiga chapa: "Nilibuni warsha ya wasifu iliyowafikisha kazini watu zaidi ya mia sita." Ile mia sita ilitoka kwenye kabati la Marlys mwenyewe, alimotunza faili ya kila aliyepata kazi.

"Sasa huyo ni mtu," Grant alisema.

Jumapili iliyofuata Marlys alikaa kwenye meza ya jikoni kuandika wasifu wake, wa kwanza kwa miaka kumi na tisa. Sebuleni Lyle alikuwa anatazama mechi ya timu ya Packers, mrija wa hewa puani, mikono mapajani. Wakati wa mapumziko alimwita.

"Nisomee basi."

Akamsomea. Alikuwa amefanya kama wafanyakazi wote wa kaunti wanavyofanya wanapoomba nafasi ya ndani: amefungua maelezo ya kazi yake yaliyoandikwa na ofisi ya utumishi, akayahamisha yalivyo. "Ana jukumu la kuratibu shughuli za mafunzo. Ana jukumu la kuandaa nyenzo."

Lyle alianza kucheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikachukua muda wake. Alipopata pumzi alijifuta macho.

"Jukumu la," alisema. "Wewe."

"Ndivyo kaunti ilivyoandika."

"Kaunti haiombi kazi. Ulifanya nini, Marlys?"

Swali lilikuwa lake mwenyewe, na lilimkuta pabaya. Alirudi jikoni. Ilimchukua mchana wote kuliandika neno moja, na alipoliandika alilitazama kama mtu anayejaribu kofia dukani. Nilibuni. Baada ya hapo mengine yalikuja haraka: nilitunga nyenzo za kufundishia, nilifundisha watu zaidi ya elfu moja, nilifuatilia walioajiriwa na kurekebisha mafunzo kila mwaka.

Akamsomea Lyle. Lyle alipunguza sauti ya televisheni.

"Na Grant? Si uliniambia yake umeiandika vivyo hivyo?"

"Grant ana yake."

"Yenye neno hilohilo."

"Ni kweli, Lyle. Ni mimi niliyeibuni."

"Sikukuuliza kama ni kweli. Nimekuuliza juu ya Grant."

"Watakaosoma za wakurugenzi si watakaosoma zetu," Marlys alisema. Hakuwa na uhakika. Alituma.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja Duane Sipple alipiga simu kituoni. Kiwanda cha jibini kilikuwa kimemchukua. "Waliniuliza juu ya ule mstari wa kitambaa," alisema. "Yule bwana akasema, hebu nieleze. Nikamweleza nusu saa. Akasema inatosha, inatosha. Nimekuwekea mfuko wa jibini, Marlys. Bado mbichi, ukiiuma inalia menoni."

"Ulikitetea kitenzi chako," Marlys alisema.

"Nani? Mimi? Nilikuwa nazungumza tu."

Aliikumbuka simu hiyo wiki moja baadaye, alipokuwa amekaa kwenye korido ya ofisi za Osgood akisubiri usaili, viatu vikitoa theluji iliyoyeyuka kwenye zulia. Alijiambia kwamba kitenzi chake kina kila kitu nyuma yake. Kina watu. Kina kabati.

Mezani walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Phyllis Engebretson, aliyekuwa muuguzi mkuu kabla ya kuingia kwenye bodi, mwanamke wa maneno machache. Kulia kwake alikaa Todd Reinke wa ofisi ya utumishi. Kushoto kwake alikaa Grant Oberholtzer, mkurugenzi mpya, kazini kwa juma la pili, na tai ileile aliyovaa kuitetea warsha. Alimkonyeza Marlys kwa upole, kama kusema usiogope.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Marlys alisimulia, Todd akaandika. Kisha Phyllis akavaa miwani.

"Hapa umeandika, 'Nilibuni warsha ya wasifu.' Hebu tueleze."

Kabla hajajibu, Phyllis alifungua faili nyingine na kuiweka kando ya ya kwanza. "Nauliza kwa sababu nimeyasoma maneno haya mwezi uliopita. Kwenye wasifu wa Grant. Tulimsifu kwayo."

Todd aliacha kuandika. Grant aliinua kalamu yake, akaitazama ncha, akaiweka chini.

"Ilikuwa kazi ya pamoja," Grant alisema. Sauti yake ilikuwa ya kirafiki. "Kwa kweli Marlys mwenyewe aliniambia hivyo. Alisema tuliibuni. Na niseme hili mbele yake: Marlys ni mchapakazi kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi."

Wote walitikisa vichwa kukubali. Lilikuwa neno zuri, lisilo na ubaya kwa mtu yeyote.

Marlys alihisi masikio yanapata moto. Miaka yote ile aliwaambia watu kwamba neno lile ni tupu. Sasa aliona kwamba lina kazi: linamfunika mtu, kama blanketi linavyofunika kiti kisichotakiwa kuonekana na wageni.

"Ni mimi," alisema.

"Samahani?" Phyllis alisema.

"Ni mimi niliyeibuni. Nilikuwa mapokezi. Niliandika ile karatasi ya Kabla na Baada, nikaomba chumba, nikaanza na watu wanne. Grant aliniruhusu. Baadaye aliitetea kwenye bodi, na alifanya vizuri. Lakini kuibuni ni mimi."

Kwa mtu wa Pine Ferry hayo yalikuwa maneno mengi mno, na Marlys mwenyewe aliyasikia kama yanasemwa na mtu wa televisheni.

Phyllis hakukasirika. Aliuliza kama muuguzi anayeuliza maumivu yalianza lini. "Wasifu wa Grant uliwahi kuuona kabla hajautuma?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa na mstari huu?"

"Ndiyo."

"Nani aliuandika?"

Hapo Marlys alielewa walikofika. Alimtazama Grant, na Grant, kwa mara ya kwanza siku ile, alimtazama yeye sawasawa. Hapakuwa na ushindi usoni mwake. Palikuwa na ombi.

"Mimi," alisema. "Nilimsaidia kuuandika."

"Ukijua si kweli?"

"Nilijua."

Phyllis alivua miwani. "Bi Dufek, nafasi hii ni ya kufundisha watu kuandika ukweli kuhusu wao wenyewe. Hapa nina karatasi mbili. Mojawapo si ya kweli, na zote mbili umeandika wewe. Naamini unachosema leo. Lakini Grant tayari yuko kwenye kiti, na bodi imeshapiga kura. Nifanye nini na mtu aliyeandika zote mbili?"

Marlys alikuwa na vitenzi vingi kichwani, vya watu wengine, vimepangwa vizuri kwa herufi. Todd alimmiminia maji. Grant alisema tena, kwa sauti ya chini, kwamba kwa kweli ilikuwa kazi ya pamoja, na Phyllis akasema asante, wamesikia.

Nafasi ya mratibu ilikwenda kwa Bryce Lindqvist wa Osgood, mwenye miaka thelathini na mmoja. Barua ilifika na barua nyingine ndani yake, ya mapendekezo, ambayo Grant aliiandika bila kuombwa. Lyle alitaka kuitupa kwenye jiko. Marlys alisema waitunze, kwani itahitajika.

Ilihitajika mapema. Anayedai malipo ya waliokosa kazi lazima ajiandikishe kwenye kituo cha ajira, na akichaguliwa lazima ahudhurie warsha, la sivyo malipo yanasimama. Marlys alichaguliwa. Bima ilikuwa imekwisha; ile waliyoinunua kwa fedha zao wenyewe ilikataa kulipia mashine mpya ya Lyle, na ya zamani ilikuwa inavuma kwa sauti ambayo wote wawili walijifanya hawaisikii.

Kwa hiyo Jumanne moja ya mwezi wa pili aliingia katika chumba cha nyuma cha Pine Ferry na kuketi safu ya mwisho, karibu na kipasha joto. Kahawa ilikuwepo. Sasa ilinunuliwa na ofisi. Ubaoni paliandikwa "mchapakazi" na "nilikuwa na jukumu la", vyote vimepigwa mstari.

Bryce alikuwa kijana mchangamfu, na alifundisha vizuri. Aligawa karatasi ya safu mbili. Ilikuwa imechapwa upya kwa rangi, na juu yake palikuwa na nembo ya vituo vilivyounganishwa. Mfano wa kwanza ulikuwa wa mwendesha mashine ya karatasi. Marlys aliusoma wote ingawa aliujua.

"Mmeambiwa mje na kitu kilichoandikwa kuhusu kazi yenu," Bryce alisema. "Maelezo ya kazi, barua, chochote. Mama pale nyuma, utuanzishie?"

Mtu mmoja aliyemfahamu aligeuka, akageuka tena upesi kutazama mbele. Marlys alifungua bahasha.

"'Marlys Dufek ni mchapakazi,'" alisoma. "'Kwa miaka mingi alikuwa na jukumu la warsha ya wasifu. Wote waliofanya kazi naye watamkumbuka.'"

Kicheko kidogo kilipita chumbani, kwa sababu ya ubao. Bryce naye alitabasamu, hakuwa akimcheka. Huenda hakuwa amelisikia jina hilo kabla, au alilisikia na hakulihusisha na mwanamke mwenye koti la kijivu.

"Aliyekuandikia alikupenda, lakini hakukusaidia," alisema. "Hiyo ni safu ya kushoto tupu. Tuijaze ya kulia. Ulifanya nini?"

Alishika kalamu ya ubao tayari. Chumba kikasubiri. Marlys alikijua kimya kile, maana aliwahi kukitumia kwa mamia ya watu, na alijua kwamba ukimwachia mtu kwa muda wa kutosha neno hutoka.

"Nilisaidia," alisema.

Bryce alikunja uso kwa huruma ya kikazi. "Hicho ni kitenzi dhaifu, mama. Msomaji haoni kitu. Ulisaidia kufanya nini? Nani alianza? Hebu tupande ngazi."

"Najua ni dhaifu," Marlys alisema. Aliikunja barua kufuata mikunjo yake ya zamani. "Andika hicho hicho. Hicho hakuna atakayeniambia nikitetee."